Karibuni Kilwa, kabla hatujavuka

Haya jamani, asalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo, shikamooni wazee wangu na mama zangu, na nyie vijana mambo vipi. Karibuni sana Kilwa. Najua jana mmefika usiku na safari ya kutoka Dar imewachosha, kwahiyo sogeeni hapa kivulini tuongee kidogo maana tukishawasha injini hamtanisikia.

Kile kisiwa mbele yenu, pale penye minazi, ndo Kilwa Kisiwani na ndo kwetu, nimezaliwa pale. Kuna watu wanaishi, wanavua, wanalima, watoto wanaenda shule. Kwahiyo ukitaka kumpiga mtu picha muombe kwanza, na dada zangu mkiwa na khanga jitandeni tukipita kijijini, watu wetu watafurahi sana.

Tutashukia karibu na Gereza, lile boma mnaliona hata kutoka hapa. Wareno walijenga boma pale 1505 walipouteka mji, ila hili lililopo sehemu kubwa ni kazi ya Waomani baadaye. Halafu twende Msikiti Mkuu, na hapo naomba msiwe na haraka kabisa, maana ulianza kujengwa karne ya 11, mawe ya matumbawe na chokaa, ukapanuliwa karne ya 14 na yale makuba yake mpaka leo ukisimama chini unaongea taratibu mwenyewe. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika hapa 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, watu walimuita Abul Mawahib kwa jinsi alivyokuwa mkarimu, na anasimulia kwamba Ijumaa moja sultani katoka kuswali, fakiri mmoja wa Yemeni akamuomba nguo alizovaa, basi akaingia ndani akabadili akampa zilezile. Mi nikifika pale kila siku naifikiria hiyo habari. Utajiri wenyewe ulitokana na dhahabu ya Sofala, kule pwani ya Msumbiji, iliyokuwa inapita hapa, na mji ulikuwa na sarafu zake, moja ya sultani huyohuyo imeokotwa mpaka Zimbabwe Kuu huko.

Mwisho ni Husuni Kubwa, jumba la yule Sultani al-Hasan, vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane linaangalia bahari. Kule ni kutembea na jua ni kali, kila mtu abebe maji yake, mzee akichoka aniambie tu tutapumzika.

Kitu kimoja nawaomba sana. Mtaona vigae vya vyungu chini, vingine vya China, vizuri kweli. Angalieni, pigeni picha, msiokote, na msipande juu ya kuta, chokaa imechoka.

Kibali tumeshachukua ofisi ya mambo ya kale. Maji yameanza kupwa, kule tutashuka tukilowa kidogo miguu, vueni viatu mapema. Haya, laifu jaketi hizi hapa, watoto wavae kwanza, bibi njoo nikushike mkono.