Kumbukumbu ya Onyo la Mdomo

Lubumbashi, 14 Oktoba 2024
Mfanyakazi: Bwana Ilunga, keshia, namba ya kazi 017
Waliokuwepo: mimi msimamizi wa duka, Bwana Ilunga, na mjumbe wa wafanyakazi

Leo Jumatatu, saa mbili asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, nimezungumza na Bwana Ilunga ofisini juu ya lalamiko la Jumamosi tarehe 12.

Mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alikuja kulipa saruji na misumari. Katika pesa zake mlikuwa na noti ya dola 20 iliyochanika kidogo pembeni. Bwana Ilunga aliikataa, akaitupa juu ya kaunta na kusema: "Haiko makuta hii, rudisha kwenye uliitosha." Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mama alilipa kwa faranga, kisha akapanda ofisini kwangu kulalamika. Hakuomba arudishiwe chochote. Alisema tu kwamba hakuzoea kuchekwa.

Bwana Ilunga hakukana. Alieleza kwamba foleni ilikuwa ndefu, na kwamba mwezi uliopita alipokea noti ya namna hiyo, benki ikaikataa, wahasibu wakamuuliza yeye. Maelezo hayo nimeyakubali kwa sehemu. Kuikataa noti hakuhesabiwi kosa hapa: mjini kote noti ya dola yenye mchaniko haipiti, hata wabadilishaji pesa wa barabarani huichukua kwa kupunguza thamani yake. Kosa ni kuitupa, na maneno yaliyofuata. Mteja angeweza kuambiwa polepole alete noti nyingine au alipe kwa faranga, na kama anabisha, niitwe mimi.

Nimemwonya kwa mdomo. Nimemwambia wazi kwamba hili si karipio la maandishi, halikati mshahara, na sikumwandikia barua ya kuomba maelezo kwa sababu jambo ni dogo na ni la kwanza tangu aanze kazi kwetu. Hesabu zake za jioni hazijawahi kupungua, nami nalitaja hilo ili atakayesoma jalada hili asimpime kwa Jumamosi moja. Likitokea tena, nitaanza na barua hiyo, na adhabu itafuata kanuni za ndani za duka.

Mjumbe wa wafanyakazi aliomba kaunta ya pesa iwekewe tangazo juu ya noti zilizochanika, ili keshia asibaki peke yake kubishana na wateja. Ana haki. Litabandikwa kabla ya Jumamosi ijayo, kwa Kiswahili na Kifaransa.

Bwana Ilunga amesema atamwomba mama radhi akirudi. Sikumlazimisha.

Kumbukumbu hii imesomwa mbele yake, akaongeza neno moja: kwamba hakukusudia watu wacheke. Nimeliandika kama alivyolisema. Nakala moja amepewa, nyingine iko kwenye jalada lake.

Msimamizi wa duka