Kabla hatujakutumia ujumbe wa Siku ya Mama

Mpendwa mteja wetu,

Siku ya Mama mwaka huu itaangukia Jumapili, tarehe 10 Mei 2026, na duka letu la khanga hapa Kariakoo limeanza maandalizi. Tunajua, hata hivyo, kwamba si kila anayesoma ujumbe huu atakuwa na mama wa kumpelekea zawadi, na kwamba kwa aliyefiwa, maneno "Nani kama mama" yaliyochapwa kwenye khanga yanaweza kuchoma badala ya kufurahisha.

Ikiwa hungependa kupokea ujumbe wowote wa Siku ya Mama, tafadhali jibu kwa neno PUMZIKA, nasi hatutakuandikia tena hadi Jumatatu, tarehe 11 Mei. Hatutakuuliza sababu, na punguzo lako la mteja wa kudumu litabaki kama lilivyo.

Kwa atakayependa kununua, doti moja ni shilingi 15,000, na oda zitakazotufikia kabla ya Ijumaa saa kumi jioni zitapelekwa kwa bodaboda Jumamosi, kuanzia Temeke hadi Kinondoni. (Kigamboni tunaomba mtuvumilie kidogo kwa sababu ya kivuko.) Zawadi inaweza kuwa ya mama mzazi, shangazi, bibi, mama mkwe au jirani aliyekulea, na ukinunua khanga kwa ajili ya hitima au misa ya kumkumbuka marehemu mama, tuambie, tutaifunga bila kadi ya pongezi.

Wako,
Msimamizi wa duka