Bajeti ya Umoja wa Wanafunzi kwa Mwaka wa Masomo 2025/2026
Imewasilishwa na Mweka Hazina mbele ya Baraza la Wanafunzi

Waheshimiwa wabunge, ndugu wanafunzi,

Tupo 8,400, na kila mmoja wetu anakatwa shilingi 5,000 ya umoja pamoja na ada ya chuo. Kwa hesabu ya darasani hizo ni milioni 42. Mwaka jana tulipanga kwa hesabu hiyo, na ilipofika muhula wa pili tukawa tunawakwepa wazabuni korido za utawala. Wapo wanaoahirisha masomo, wapo wanaochelewa kumaliza ada. Safari hii tumehesabu vichwa 7,600 tu, yaani 38,000,000. Ikiingia zaidi, italetwa hapa mpaka baraza liipangie kazi.

Pango la chumba cha fotokopi ni 100,000 kwa mwezi, sawa na 1,200,000 kwa mwaka. Bakaa ya mwaka jana ni 1,870,000. Jumla ya mapato: shilingi 41,070,000.

Matumizi tunayoyaombea idhini:

| Fungu | Shilingi |
|---|---|
| Vilabu na vyama | 13,600,000 |
| Matukio | 11,450,000 |
| Mfuko wa dharura wa wanafunzi | 5,000,000 |
| Ofisi | 4,120,000 |
| Uchaguzi | 2,500,000 |
| Uwakilishi na nauli | 2,400,000 |
| Akiba isiyoguswa bila kura ya baraza | 2,000,000 |
| Jumla | 41,070,000 |

Kwenye fungu la ofisi, 2,400,000 ni ujira wa karani, na zinazobaki ni karatasi, wino na bando. Posho ya vikao haimo. Niliombwa niiweke, nikakataa.

Vilabu. Vilivyosajiliwa ni 34. Kila kimoja kinapata 200,000 ya kuanzia, jumla 6,800,000. Kiasi kingine kama hicho kitagombewa kwa maandiko ya shughuli, na kamati itaangalia idadi ya watakaoshiriki, si ukubwa wa jina la klabu. Najua vilabu vikubwa vitanung'unika kwamba chenye wanachama 20 kinapewa mwanzo sawa na chenye 300. Ndiyo, kwa makusudi: klabu changa bila pesa ya bango na ukumbi haikui, na vikubwa vina michango yao. Vilabu vitano havijarudisha risiti za mwaka jana. Hivyo vitapewa nusu, 100,000, mpaka virudishe. Visiporudisha hadi muhula wa pili uanze, ile 500,000 iliyozuiwa itahamia kwenye fungu la kugombewa.

Matukio. Wiki ya kuwapokea mwaka wa kwanza 2,650,000; michezo baina ya vitivo 4,300,000; usiku wa utamaduni 3,000,000; midahalo 1,500,000. Michezo imesogezwa muhula wa pili kwa sababu uhasibu wa chuo hutuletea makato kwa awamu mbili, na awamu ya kwanza tunatarajia 22,800,000 tu.

Usiku wa utamaduni unahitaji maelezo. Mwaka jana ulipangiwa 3,000,000, ukala 4,180,000. Zile 1,180,000 za ziada zilikwenda hivi: jenereta 450,000, saa za nyongeza za vyombo vya muziki 380,000, chakula cha wageni 350,000. "Risiti" ya jenereta ni karatasi iliyochanwa daftarini, imeandikwa kwa kalamu nyekundu "jenereta + mafuta", haina jina la muuzaji wala tarehe. Umeme ulikatika kweli, nilikuwepo, na jenereta niliiona. Lakini hakuna aliyeniuliza kabla ya kuikodi, na karatasi ile mkaguzi hawezi kuipokea. Tangu sasa, nyongeza yoyote inayozidi 100,000 inahitaji saini tatu: Rais, Katibu na Mweka Hazina. Kwa usiku huo, mmoja wetu watatu atakuwa ukumbini na kuwapigia wenzake papo hapo.

Taarifa kwa wanafunzi. Kufikia tarehe 5 ya kila mwezi, ukurasa mmoja utabandikwa kwenye mbao za matangazo za vitivo vyote na kutumwa kwa wawakilishi wa madarasa: kilichoingia, kilichotoka, aliyelipwa, salio la benki. Kwenye mfuko wa dharura tutaandika kiasi na sababu kwa ujumla, kama matibabu au msiba, bila jina la aliyesaidiwa. Faili la risiti litakuwa wazi kila Jumatano, saa nane hadi saa kumi mchana, ofisini kwetu; njoo na kitambulisho cha chuo, soma, nakili. Kamati ya ukaguzi ya wanafunzi watano, wasio viongozi wala ndugu wa viongozi, itachaguliwa na baraza hili leo kabla hatujafunga kikao, nayo itasoma ripoti yake kwenye mkutano wa wote mwisho wa kila muhula. Mimi nitakuwa nimekaa upande wa kujibu.

Naomba kutoa hoja.

Mweka Hazina, Umoja wa Wanafunzi