Barua ya daktari kuunga mkono dai la bima: Bi. Rehema Saidi, kipandauso sugu

Kliniki ya Mishipa ya Fahamu
Dar es Salaam
9 Juni 2025

Kwa Meneja wa Madai, Bima za Vikundi
Dar es Salaam

YAH: RUFAA YA DAI LA KUPOTEZA UWEZO WA KUFANYA KAZI, BI. REHEMA SAIDI, MWANACHAMA NA. 0417

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, na nimekuwa nikimtibu Bi. Rehema tangu Machi 2022. Ana umri wa miaka 36 na ni mtaalamu wa maabara katika hospitali binafsi hapa jijini, aliyoanza kuitumikia Juni 2015. Ameridhia kwa maandishi niwape maelezo haya. Ameomba pia niyaandike kwa Kiswahili ili yeye na mume wake wasome kila neno linalosemwa juu ya afya yake, na nimeona ni haki yake.

Barua yenu ya tarehe 14 Aprili ilikataa dai lake kwa sababu mbili: kwamba kipimo cha MRI cha ubongo hakikuonyesha tatizo, na kwamba rejista ya mahudhurio inaonyesha siku nyingi alizokuwepo kazini. Naomba nizijibu zote mbili, kwa sababu mimi ndiye niliyeagiza kipimo hicho na najua nilikuwa natafuta nini.

Niliagiza MRI mwaka 2022 ili kuondoa hofu ya uvimbe, damu kuvuja au mshipa uliojaa. Hakuna kilichoonekana, na hilo ndilo nililotarajia. Kipandauso hakionekani kwenye picha ya ubongo. Hutambuliwa kwa historia ya mgonjwa, kwa kumpima mwili, na kwa kuhesabu siku. Kwa vigezo vya kimataifa, kipandauso huitwa sugu pale mtu anapoumwa kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, na angalau siku 8 kati ya hizo zikiwa na dalili za kipandauso chenyewe. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ugonjwa huu una namba yake: 8A80.2. Kumnyima mgonjwa wa kipandauso kwa sababu picha yake ni safi ni kumnyima kwa sababu ana kipandauso na hana uvimbe.

Nimemwona akiwa katikati ya shambulio zaidi ya mara moja. Tarehe 11 Februari mwaka huu mume wake alimleta saa nne asubuhi akiwa amejifunika kanga iliyoloweshwa maji usoni. Alikataa kitanda kwa sababu kilikuwa chini ya taa, akalala sakafuni kwenye korido. Alikuwa ametapika mara tano, upande wa kushoto wa kichwa ukimpwita, na sauti ya kiti kikiburutwa ilimfanya alie. Tulimchoma diklofenaki miligramu 75 na metoklopramidi miligramu 10. Alisimama saa kumi jioni. Siku iliyofuata hakuwa na maumivu, lakini aliniambia alisoma ujumbe mmoja wa simu mara tatu bila kuuelewa.

Hapo ndipo penye jibu la sababu yenu ya pili. Shambulio haliishi maumivu yanapokoma. Huanza na miayo na shingo kukaza. Kwake mara nyingi hufuatiwa na mistari ya umeme mbele ya macho kwa dakika kama 20, kisha maumivu, kisha siku nzima ya uzito wa akili. Mtu anaweza kusaini rejista akiwa katika hali hiyo. Je, anaweza kusoma slaidi? Slaidi ya malaria ya tone nene husomwa maeneo 100 ya darubini kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea. Nisingependa slaidi ya mwanangu isomwe na mtu anayeona mistari ya umeme, na Bi. Rehema mwenyewe hataki kumsomea mtoto wa mtu yeyote akiwa hivyo. Ndiyo maana huwa anaomba kuondoka.

Siku zifuatazo zimetoka katika daftari la kichwa analojaza kila usiku, nami nimezilinganisha na rejista iliyosainiwa na mkuu wa maabara. Namba ya kwanza ni siku alizoumwa, ya pili ni siku za kazi alizokosa kabisa.

Juni 2024: 18, alikosa 7
Julai: 19, alikosa 8
Agosti: 21, alikosa 9
Septemba: 19, alikosa 8
Oktoba: 22, alikosa 11
Novemba: 21, alikosa 10
Desemba: 17, alikosa 6 (wiki mbili alikuwa likizo ya mwaka)
Januari 2025: 20, alikosa 10
Februari: 22, alikosa 12
Machi: 23, alikosa 11
Aprili: 20, alikosa 9
Mei: 24, alikosa 13

Jumla ni siku 246 za kuumwa na siku 114 za kazi zilizopotea. Juu ya hizo, siku 31 alifika kazini akarudishwa nyumbani kabla ya zamu kuisha. Hizo ndizo zinazoonekana kwenye rejista kama mahudhurio.

Kwa kipimo cha MIDAS, kinachohesabu siku zilizoharibika kazini, nyumbani na katika jamii kwa miezi 3, alama zake za Machi hadi Mei ni 99. Daraja la juu kabisa la ulemavu katika kipimo hicho huanzia alama 21.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Mzunguko wake wa sasa ulianza Juni 2024. Nusu mshahara ilianza Januari. Amebakiwa na siku 12, na mzunguko mpya hauanzi hadi Juni 2027.

Sasa matibabu. Kabla hajafika kwangu alikuwa ametibiwa malaria mara nne na taifodi mara mbili, akabadilishiwa miwani, akapewa dawa za mafua ya pua. Malaria mbili kati ya hizo alitibiwa ingawa slaidi aliisoma yeye mwenyewe na haikuwa na vimelea. Alikuwa anameza parasetamoli au ibuprofeni zaidi ya siku 20 kwa mwezi, kiasi ambacho chenyewe huzalisha maumivu ya kichwa. Agosti 2022 tuliziacha zote kwa wiki 8. Zilikuwa wiki ngumu na alizimaliza. Siku za kuumwa zilishuka kutoka 24 hadi 19 kwa mwezi, zikaganda hapo. Kwa hiyo hoja kwamba vidonge ndivyo vinavyomuumiza tuliijaribu, na jibu tunalo.

Kisha dawa za kuzuia mashambulio. Propranololi alitumia Mei hadi Desemba 2022, tukapanda hadi miligramu 80 mara mbili kwa siku. Mapigo ya moyo yalishuka hadi 48 kwa dakika na alianguka kwenye ngazi. Tulisitisha. Amitriptilini ilifuata, Januari hadi Agosti 2023, kutoka miligramu 10 hadi 50 usiku: aliongezeka kilo 9, asubuhi alikuwa hawezi kuamka, na siku za kuumwa zilipungua mbili tu.

Topirameti inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa mtaalamu wenu aliuliza kwa nini dawa iliyofanya kazi iliachwa. Aliianza Septemba 2023, tukafika miligramu 100 kwa siku. Ni kweli ilisaidia. Kwa miezi mitatu alishuka hadi siku 13, mara pekee katika miaka mitatu alipokuwa chini ya 15. Lakini vidole vilikufa ganzi na maneno yakaanza kumpotea. Alishindwa kukumbuka neno “sentrifuji”, mashine anayoitumia kila siku. Aprili 2024 alibadilisha namba za sampuli mbili. Aliligundua kosa kabla majibu hayajatoka, akaliripoti mwenyewe kwa mkuu wake, na kesho yake akaja kwangu akilia. Nilipunguza dozi hadi miligramu 50. Maneno hayakurudi vizuri na maumivu yalirudi yote. Mwisho wa Mei tuliiacha, kwa uamuzi wangu, na leo ningefanya hivyo tena.

Kandesatani, Juni hadi Novemba 2024, hadi miligramu 16: shinikizo la damu lilishuka hadi 88/54 bila nafuu yoyote ya kichwa. Valproeti sikumpa kwa makusudi, kwa sababu ya madhara yake kwa mtoto tumboni, na Bi. Rehema bado yuko katika umri wa kuzaa.

Sindano za botoksi, yuniti 155 katika sehemu 31 za kichwa na shingo, hutolewa kila baada ya wiki 12. Alizifuata Nairobi Desemba 2024 na Machi 2025 kwa fedha za familia. Maumivu yalipungua ukali kidogo, lakini idadi ya siku haikushuka. Awamu ya tatu, iliyopaswa kuwa mwishoni mwa Mei, hakuipata kwa kukosa fedha, hivyo siwezi kusema kwa haki kwamba tiba hii imeshindwa. Dawa mpya za sindano zinazozuia CGRP, kemikali ya mwili inayochochea kipandauso, sijaweza kumpatia.

Kwa kutuliza shambulio anatumia sumatriptani miligramu 50. Akiiwahi, humsaidia takriban mara 4 kati ya 10. Tumeizuia isifike siku 10 kwa mwezi ili tusirudi kule tulikotoka. Mwajiri naye alimwondoa zamu za usiku tangu Februari 2024, jambo ninalomshukuru. Analala na kula kwa saa maalumu, amefanya mazoezi ya shingo kwa miezi 6, na ametumia magneziamu kwa miezi 4.

Sidai kwamba hawezi kazi yoyote. Siku zisizo na maumivu anaweza kufanya kazi ya kumbukumbu na takwimu kwa saa tatu hivi, mbali na mwanga mkali. Kusoma darubini, kushughulikia sampuli na kutoa majibu hawezi kwa usalama, na hiyo ndiyo kazi aliyokatiwa bima.

Naomba basi dai lipitiwe upya kama upotevu wa uwezo wa kufanya kazi yake kwa muda wa miezi 12 kuanzia 1 Juni 2025, nami nitaleta taarifa Desemba na Juni mwakani. Naomba pia lipitiwe na daktari wa mishipa ya fahamu. Iwapo mtataka apimwe na daktari wenu, yuko tayari, ila miadi isifungwe kwa siku moja isiyoweza kubadilishwa: akishindwa kufika kwa sababu anatapika, isihesabiwe kuwa amekataa.

Nimeambatanisha nakala za daftari la kichwa, rejista ya mahudhurio, jibu la MRI, fomu ya MIDAS na kumbukumbu za dawa. Napatikana kliniki Jumanne na Alhamisi kuanzia saa mbili asubuhi.

Wenu katika huduma,

Dkt. Mushi
Daktari Bingwa wa Mishipa ya Fahamu

Nakala: Bi. Rehema Saidi, Ofisi ya Rasilimali Watu ya mwajiri