TAARIFA YA MKUTANO MKUU WA MWAKA 2026

Umoja wa Wamiliki wa Fleti
Upanga, Dar es Salaam
20 Aprili 2026

Kwa wamiliki wote wa fleti,

Mnaarifiwa kuwa Mkutano Mkuu wa Mwaka utafanyika Jumapili, tarehe 17 Mei 2026, saa 4:00 kamili asubuhi, kwenye maegesho ya chini ya jengo letu. Kuandikisha mahudhurio kutaanza saa 3:30.

AJENDA

1. Kufungua mkutano na kuhakiki akidi
2. Kuthibitisha kumbukumbu za mkutano wa 2025
3. Yatokanayo na kumbukumbu
4. Taarifa ya Kamati
5. Hesabu zilizokaguliwa za mwaka 2025 na bajeti ya 2026
6. Matengenezo makubwa ya lifti
7. Uchaguzi wa Mweka Hazina na wajumbe wawili wa Kamati
8. Kuteua mkaguzi wa hesabu
9. Mengineyo, yaliyomfikia Katibu kwa maandishi kabla ya tarehe 8 Mei
10. Kufunga mkutano

Ajenda ya 6 ndiyo itakayotugusa mfukoni. Kubadilisha mota na paneli ya umeme ya lifti kutagharimu Sh 33,000,000. Mtapigia kura mapendekezo mawili: kila fleti ichangie Sh 687,500, au fleti 8 za chini zichangie Sh 375,000 na 40 za juu Sh 750,000 kila moja. Nukuu tatu za bei ziko kwa msimamizi wa jengo. Tafadhali zipitieni kabla ya siku hiyo, tusije tukazisomea pale pale.

AKIDI

Akidi ni wamiliki wa fleti 24 kati ya 48, waliofika wenyewe au kwa wawakilishi. Isipotimia hadi saa 5:00, mkutano utaahirishwa hadi Jumapili, 24 Mei 2026, saa na mahali pale pale, na watakaohudhuria siku hiyo, hata wakiwa wachache, watahesabiwa kuwa akidi. Maamuzi yao yatawabana wote, pamoja na wasiofika.

UWAKILISHI

Kila fleti ina kura moja, hata ikiwa na wamiliki zaidi ya mmoja. Asiyeweza kufika, wakiwemo wenzetu walioko Muscat, London na kwingineko, anaweza kumteua mtu mzima yeyote amwakilishe. Fomu imeambatanishwa. Ijazwe, isainiwe na mwenye fleti, na imfikie Katibu kabla ya saa 4:00 asubuhi, Ijumaa, 15 Mei. Nakala iliyoskaniwa na kutumwa kwa barua pepe ya umoja inakubalika. Ujumbe wa sauti wa kwenye simu haukubaliki, wala “nimemwambia jirani”. Mtu mmoja asiwakilishe zaidi ya fleti mbili. Mpangaji naye anaruhusiwa kuwakilisha, mradi awe na fomu.

Mwenye deni la ada ya huduma linalozidi miezi mitatu anakaribishwa kuhudhuria na kuchangia hoja, ila hatapiga kura, yeye wala mwakilishi wake, hadi alipe. Malipo yaliyoingia benki hadi Alhamisi, 14 Mei, yatatambuliwa. Njoo na risiti.

Kwa idhini ya Kamati,

Katibu
Umoja wa Wamiliki wa Fleti

Viambatanisho: kumbukumbu za 2025, hesabu zilizokaguliwa, fomu ya uwakilishi.