Mwaliko wa Zabuni: Unga wa Posho na Maharagwe, Muhula wa Kwanza 2026

Shule yetu ya bweni hapa Bombo inaalika zabuni za kuleta tani 18 za unga wa mahindi na tani 7 za maharagwe makavu.

Anayestahili ni mfanyabiashara aliyesajiliwa URSB, mwenye leseni hai ya biashara na cheti cha URA cha kutodaiwa kodi. Aliyesimamishwa na PPDA asijisumbue.

Bei iwe kwa kilo, kwa shilingi za Uganda, usafiri ukiwemo, na idumu siku 60. Leta nakala halisi na kopi moja katika bahasha iliyofungwa, isiyo na jina lako nje, uitumbukize kwenye sanduku la zabuni, ofisi ya mhasibu. Baruapepe na WhatsApp hazikubaliwi.

Mwisho ni Ijumaa, 16 Januari 2026, saa 4:00 kamili asubuhi, kwa saa ya ukutani ofisini. Itakayochelewa itarudishwa bila kufunguliwa. Foleni ya barabara ya Gulu si udhuru. Zitafunguliwa saa 4:30, wazabuni wakiwepo.

Maswali yaandikwe na kufika kwa mhasibu kabla ya saa 11:00 jioni, 9 Januari. Majibu yatabandikwa langoni 12 Januari, bila kumtaja muulizaji, na yatakuwa sehemu ya masharti. Jibu la mdomo, hata la mwalimu mkuu, halihesabiki.