Kalia Mikono: Maneno ya Kumkumbuka Mwalimu Kete

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Bi Mkubwa, watoto wa marehemu, shehe wetu uliyetusimamia hitma, walimu, wazazi, na nyie watoto mliokaa chini kwa sababu viti vimeisha. Msione haya kukaa chini. Humu ukumbini viti havijawahi kutosha hata siku moja, na aliyetukusanya leo alipenda iwe hivyo hivyo.

Jina lake kamili mmelisikia kwenye dua. Mimi nitamwita tulivyomwita sisi, Mwalimu Kete. Alilijua jina hilo, akajifanya halijui kwa zaidi ya miaka thelathini.

Nimeombwa niseme kwa niaba ya wanafunzi wake. Ni wengi mno, na wengine wangesema vizuri kuliko mimi. Humu ndani namwona nahodha wa jahazi, namwona fundi wa baiskeli wa Barabara ya Kumi na Mbili, nawaona walimu watatu, na yuko mmoja pale dirishani ambaye bado ana deni la kitabu cha Mwalimu tangu darasa la sita. Hatajwi, anajijua.

Wageni wetu, mkiusikia ukumbi huu leo umetulia, msidhani ndivyo ulivyo. Jumamosi baada ya adhuhuri tulikuwa tunafika sitini, sabini. Mbao za sataranji zilikuwa kumi na moja. Na nikisema mbao nawadanganya, maana yalikuwa magunia. Mwalimu alikuwa anapata magunia makuukuu ya mkonge, anayakata, anapaka miraba kwa chokaa na masizi, 64 kwa kila gunia, halafu anayakunja na kuyafunga kwenye keria ya baiskeli. Tanga yetu hii ya mkonge na baiskeli, yeye aliviunganisha vyote viwili. Kete zilikuwa vizibo vya soda, vimeandikwa kwa rangi. Malkia mweusi wa gunia la tano alipotea mapema sana, nafasi yake ikachukuliwa na kokwa la embe. Nimefunzwa na kokwa lile. Mpaka leo nikiona malkia wa plastiki, mzuri, ana taji, naona kama hana nguvu za kutosha.

Basi watoto sabini, mbao kumi na moja. Wawili wanacheza, wanne wamewainamia, kila mmoja anajua zaidi ya wanaocheza. Upande ule wa jukwaa wenzetu wa ngoma wanajiandaa na mahafali. Mvua ya masika ikidondoka juu ya mabati haya, mtu akikupigia kelele sikioni humsikii. Nikamuuliza siku moja kwa nini asitafute mahali penye utulivu, maana nilisikia wachezaji wakubwa hutaka kimya. Akasema, "Mwanangu, kwenu kuna kimya?" Kwetu tulikuwa tisa, vyumba viwili. Nikanyamaza. Akasema, "Basi jifunze kufikiri palepale unapoishi."

Kwa mvua hiyo ndiyo akabuni ishara zake. Kidole machoni: tazama tena. Kiganja kifuani: mfalme wako yuko wazi. Na kubwa kuliko zote, anakaa juu ya mikono yake mwenyewe, viganja chini ya mapaja, anakukazia macho. Maana yake, kalia mikono.

Kila aliyepita hapa amewahi kukalia mikono. Mwiko wa Mwalimu ulikuwa mmoja tu: ukigusa umecheza. Ndiyo kanuni ya mchezo dunia nzima, kete uliyoigusa uitembeze, lakini wengine huilegeza kwa watoto. Yeye hakuilegeza kwa mtoto, wala kwa afisa elimu aliyetutembelea siku moja akagusa ngome yake kwa kidole cha pete, akataka kuiacha. "Umegusa, bwana mkubwa." Afisa akacheka. Mwalimu hakucheka. Ngome ikatembea, ikaliwa. Kwa hiyo dawa ilikuwa moja, usiipe mikono nafasi ya kutangulia akili. Ikalie. Nina miaka arobaini na moja, na mwaka jana nimekalia mikono yangu ofisini kwa watu, mbele ya mkataba wa mkopo, yule kijana akadhani naumwa.

Ngoja niwaambie nilivyofika hapa, maana yuko mtu humu anahusika.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akikaanga mihogo Ngamiani. Mimi nikiwa darasa la nne nilikuwa nachungulia ukumbi huu kwa dirisha lile, mdogo wangu yuko mgongoni. Mwalimu akaniona Jumamosi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne akaja kwa mama na baiskeli yake. Akanunua mihogo ya mia mbili, akaomba chachandu zaidi, akasema, "Mama, nakuombea binti yako aje acheze." Mama akamjibu bila kuinua macho kwenye karai: "Mchezo wa vijiweni huo. Kamari."

Mwalimu hakubisha. Alitandika gunia pale pale kwenye benchi, kando ya mihogo. Akamweleza kwamba kwake hakuna fedha inayowekwa, hakuna matusi, na adhana ikilia mchezo unakufa hata kama umebakiza hatua moja kushinda. Masharti hayo aliyapanga na mashehe wa mtaani kabla hajafundisha mtoto hata mmoja, kwa sababu wapo waliokuwa na shaka na sataranji, naye hakutaka kuwavunjia heshima. Halafu akamwonyesha kitunda, mdogo kuliko wote, kinavyotambaa mraba kwa mraba, na kikifika mwisho wa ubao kinageuka malkia. Mama akatazama. Akauliza, "Na huyu mfalme wenu mbona anajikongoja hatua moja moja?" Mwalimu akasema, "Ndio wafalme, mama. Kazi zote kamwachia mkewe."

Mama alicheka mpaka kijiko cha kugeuzia kikatumbukia kwenye mafuta. Akaniruhusu, kwa sharti kwamba mtoto aende na mimi, kwani nani angembeba?

Akambeba Mwalimu. Miaka miwili mizima, mimi nikicheza, Mwalimu Kete anapita kati ya magunia na mdogo wangu begani, udenda unamchuruzika kwenye shati, huku anasahihisha watu. "Askofu wako umemfungia ndani mwenyewe. Shh, shh, lala. Ngome haina kazi pale." Yule mtoto ndiye jibaba lile lenye ndevu kwenye kona, ambalo tangu Mwalimu aanze kuumwa limekuwa likifungua ukumbi huu kila Jumamosi. Alijifunza sataranji kabla ya kutembea, na mpaka leo hanishindi.

Tulijifunza mengine humu bila kujua tunafundishwa. Hesabu, kwa mfano. Ile hadithi ya kale ya aliyemwomba mfalme punje moja kwa mraba wa kwanza, mbili kwa wa pili, nne kwa wa tatu, Mwalimu hakutusimulia tu. Alileta mchele. Mstari wa kwanza, miraba minane, ukatoka punje 255, tukacheka, mfalme gani analia kwa hizo? Tukaendelea na mstari wa pili, tukahesabu mpaka macho yakauma, tukashindwa, akatuambia tumalize kwa kalamu: mistari miwili ni 65,535. Halafu akaandika ubaoni jumla ya miraba yote, 18,446,744,073,709,551,615, akatuacha tunaisoma kwa sauti, kila mtu anaitamka vyake. Mchele wenyewe ulipikwa jioni. Bi Mkubwa, nasikia ulikuwa wako na hukuombwa.

Na lugha. Alitwambia neno sataranji lilianzia Uhindi, likapita kwa Waajemi, likapita kwa Waarabu, likaja na upepo wa kaskazi kama mababu wa baadhi yetu. Siku Amon Simutowe wa Zambia alipopata ugrandimasta, wa kwanza kusini mwa Sahara, Mwalimu aliingia humu anatweta, baiskeli kaitupa nje. Akachora ramani. "Zambia ni wapi? Panda treni ya Tazara Dar es Salaam, usishuke mpaka mwisho, Kapiri Mposhi. Umefika. Si mwezini!"

Hakuwa malaika. Alikuwa mkali kwa aliyeshinda akacheka mwenzake, mkali kupita kiasi, na wapo waliokimbia hawakurudi. Alijua hilo, lilimuuma. Bao alikuwa hajui kufungwa, wazee wa barazani ni mashahidi, alikuwa akishindwa anasema kete zimehesabiwa vibaya. Lakini mtoto akifungwa sataranji humu na kujificha nyuma ya jukwaa kulia, Mwalimu alimfuata na gunia. Anakaa naye chini, anarudisha mchezo mwanzo, hatua kwa hatua, mpaka wanafika pale. "Hapa. Hapa ulikuwa bado mzima." Alikuwa haondoki mpaka mtoto mwenyewe apaone.

Namalizia na Jumamosi yake ya mwisho.

Alikuja kwa bajaji, kashikiliwa. Akakaa kwenye kiti kile cha mlangoni, akataka mchezo. Akapangwa na binti wa darasa la tatu, yule pale mwenye hijabu ya njano. Mwalimu ana nyeusi. Malkia wa binti yuko mraba wa d3, askofu nyuma yake c2, wote wanaitazama h7 mlangoni kwa mfalme, na farasi wa Mwalimu wa f6 ndiye mlinzi pekee wa maana. Mwalimu akanyoosha mkono kwenda kwa kitunda cha pembeni. Mkono ulikuwa unatetemeka, sote tuliuona. Ukampitia yule farasi, akayumba.

Binti akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu, umegusa."

Ukumbi ukanyamaza. Ngoma zikanyamaza. Mimi nilitaka kusema jamani, mzee anaumwa. Mdogo wangu akanishika mkono.

Mwalimu akamtazama binti. Akaingiza viganja vyake chini ya mapaja, akakaa hivyo muda. Kisha akamtoa farasi, akamweka e4 azibe njia, akijua anakwenda kufa. Malkia akamla. Mwalimu akatabasamu tabasamu ambalo sijawahi kumwona nalo akishinda. Akasema, "Andika."

Akaandika. Daftari ni hili. Hatua zote zimo, mpaka pale mfalme wa Mwalimu alipolazwa, na chini yake kuna sahihi ya Mwalimu, imepinda, lakini inasomeka. Bi Mkubwa, watoto wamekubaliana likae kwako.

Mwenyezi Mungu amsamehe, amnusuru na adhabu ya kaburi, amjaalie pema. Amin.

Alasiri bado kama saa nzima. Magunia yako kwenye kona ile. Wee mwenye hijabu ya njano, tandika.